Serikali Inapokopa, Nani Anakosa Mkopo?

Swali hili huwasumbua wengi kwenye mtihani wa uchumi: serikali imekopa ili iongeze matumizi, riba imepanda, pato la taifa litaongezeka kwa kiasi gani? Huwezi kujibu kabla ya kujua Benki Kuu imefanya nini.

Tuchukue nchi ambayo kila shilingi mpya ya matumizi, ikishazunguka mikononi mwa watu, huongeza pato kwa shilingi mbili. Riba iko asilimia 8, na kila inapopanda kwa pointi moja, wawekezaji huahirisha miradi ya bilioni 20. Serikali inakopa bilioni 100 na kuzitumia. Riba isipobadilika, pato litapanda kwa bilioni 200.

Lakini pato likikua, watu huhitaji fedha zaidi za kufanyia biashara. Benki Kuu isipoongeza fedha, zilizopo hugombaniwa na riba hupanda, tuseme pointi moja kwa kila bilioni 60 za pato jipya. Hesabu hutulia riba ikiwa asilimia 10: uwekezaji umepungua kwa bilioni 40, matumizi yameongezeka kwa 60 tu, na pato kwa 120. Sekta binafsi imebanwa, ila si kabisa. Wanaoandika kwamba nyongeza yote hupotea hukosa alama.

Benki Kuu inaweza kuzuia hilo kwa kununua dhamana za serikali na kuingiza fedha mpya kwenye mabenki mpaka riba irudi asilimia 8. Pato hufikia zile bilioni 200. Hiyo ni dawa nzuri viwanda vinapolala na vijana wanapokosa kazi. Uzalishaji ukiwa umefika kikomo, fedha hizo huishia kwenye bei, na wakopeshaji, wakihofia mfumuko, hudai riba kubwa zaidi.

Kenya ilikutana na kikomo cha aina nyingine mwanzoni mwa 2024. Mwezi Februari serikali iliuza hatifungani ya miundombinu yenye riba ya asilimia 18.46, isiyotozwa kodi. Ilitafuta bilioni 70, ikachukua zaidi ya bilioni 240. Benki inayoweza kupata faida hiyo kwa serikali itamkopesha mwenye duka kwa sababu gani, naye anaweza kushindwa kulipa?

Hata hivyo, si haki kuulaumu mkopo wa serikali peke yake. Shilingi ilikuwa imeporomoka hadi karibu 160 kwa dola, na fedha mpya zingeizamisha zaidi. Mwezi huohuo Benki Kuu ilipandisha riba yake hadi asilimia 13, kinyume kabisa na kuingiza fedha. Ilianza kuishusha Agosti, shilingi ilipokuwa imetulia karibu na 130 na mfumuko wa bei umeshuka chini ya asilimia 5.