Hesabu Pingili Kwanza

Mwanafunzi wa udaktari akikabidhiwa eksirei ya shingo ya majeruhi, macho yake hukimbilia kutafuta palipovunjika. Mimi ningemtaka aanze kwa kuhesabu.

Picha za kawaida ni tatu: ya ubavuni, ya mbele, na ya mdomo wazi inayoonyesha pingili mbili za juu. Ya ubavuni ndiyo yenye mengi. Hesabu kutoka C1 hadi C7, kisha tafuta ukingo wa juu wa T1, pingili ya kwanza ya kifua. Usipouona, picha haijatimia. Mara nyingi mabega ndiyo yameuficha.

Tuseme dereva wa bodaboda amerushwa barabarani. Amevalishwa kola ngumu, na kidole cha kati cha mkono wa kulia kina ganzi. Picha yake ya ubavuni inaishia C6. Unafuatisha mistari mitatu: wa kwanza kwenye kingo za mbele za pingili, wa pili kwenye kingo za nyuma, wa tatu kwenye mashina ya miiba ya nyuma. Yote inapinda taratibu bila kukatika. Nyama laini iliyo mbele ya C3 ina unene wa milimita 5, na kwa mtu mzima hapo hatutarajii kuzidi 7 hivi. Kila kinachoonekana ni kizima, lakini ile ganzi bado haijapata maelezo.

Hapo huombwa picha ya mkao wa mwogeleaji: mkono mmoja juu ya kichwa, mwingine chini, ili mabega yapishane, huku shingo ikibaki palepale. Sasa C7 inaonekana, na C6 imeteleza mbele yake kwa karibu robo ya upana wa pingili. Mistari yote mitatu inaruka mahali hapo. Mtelezo usiofika nusu kwa kawaida una maana kwamba kiungo cha upande mmoja kimechomoka na kukwama; ukifika nusu au kuzidi, shuku pande zote mbili. Rudi kwenye picha ya mbele: kuanzia C6 kwenda juu, miiba imehama kutoka mstari wa kati kuelekea kulia. Neva inayotokea kati ya C6 na C7 ndiyo inayohudumia kidole cha kati.

Kwa mtoto, tahadhari: C2 huweza kuonekana imeteleza kidogo mbele ya C3 ilhali hana jeraha. Ule mstari wa tatu ukibaki umenyooka, huenda ni maumbile tu.

Eksirei huonyesha mifupa. Kano zilizochanika zinaweza kupita bila kuonekana, na siti skani hugundua mivunjiko mingi inayoikwepa. Kwa hiyo hata picha zote tatu zikiwa safi, mgonjwa mwenye maumivu makali ya shingo au ganzi havuliwi kola kwa sababu ya picha hizo peke yake.