Mkataba wa Miezi Sita: Nani Anamjaribu Nani?

Tuseme wewe ni karani wa hesabu katika duka la jumla mjini Mombasa. Umeajiriwa kwa kudumu na mshahara wako ni shilingi 45,000. Wakala wa ajira anakupigia simu: kampuni moja ya kupitisha mizigo bandarini inatafuta karani wa nyaraka, mkataba wa miezi 6, shilingi 60,000 kwa mwezi, "na ukifanya vizuri watakuajiri moja kwa moja." Kazi ya bandari umeitamani siku nyingi, ila hujui kama utaiweza wala kama utaipenda. Miezi 6 inaonekana ni njia nzuri ya kuionja kabla ya kujifunga nayo.

Huenda ikawa hivyo kweli. Lakini kabla ya kukubali, uliza jambo ambalo wengi huona aibu kuliuliza: kama kampuni inataka kunijaribu tu, kwa nini isiniajiri kwa kudumu na kuniweka kwenye kipindi cha majaribio? Sheria ya Ajira ya Kenya ya 2007 imeshampa mwajiri nafasi hiyo. Anaweza kumweka mfanyakazi kwenye majaribio kwa muda usiozidi miezi 6, na akauongeza kwa miezi 6 mingine iwapo mfanyakazi ataridhia. Ndani ya muda huo, upande wowote unaweza kuvunja mkataba kwa notisi ya siku 7.

Tofauti ya mipango hii miwili huonekana siku ya mwisho, pale ambapo hakuna aliyesema neno. Majaribio yakiisha na bosi amenyamaza, nawe ukaendelea na kazi, mahakama zimewahi kuamua kwamba mfanyakazi wa namna hiyo amethibitishwa kazini. Mkataba wa muda maalumu ukifika tarehe yake na bosi amenyamaza, umekwisha. Hukufukuzwa, kwa hiyo huna la kushtakia. Mahakama za Kenya zimeshikilia mara nyingi kwamba matumaini matupu ya kuongezewa mkataba hayamfungi mwajiri. Kwa mpango wa kwanza kimya kinakufaa wewe, na kwa wa pili kinamfaa yeye.

Sisemi kwamba kila mkataba mfupi ni mtego. Kampuni inaweza kuwa na mteja mpya ambaye haijui kama atakaa, au karani wake yuko likizo ya uzazi, au makao makuu hayajaidhinisha nafasi mpya. Hizo ni sababu za kweli, na mwajiri mwenye sababu ya kweli huitaja bila kubabaika. Anayejibu kwa "tutaona" hana mpango, au anao na hataki uujue. Muulize pia aliyekaa kiti hicho kabla yako yuko wapi. Ukisikia kwamba makarani watatu wamepokezana hapo, kila mmoja kwa miezi 6, hapo hakuna anayejaribiwa. Ndivyo ofisi hiyo inavyoendesha kazi zake.

Baada ya hapo, shika karatasi uisome kwa makini. Jina la mwajiri ni la nani, kampuni au wakala? Kama ni wakala, fahamu kwamba mikataba ya mawakala na wateja wao mara nyingi ina kifungu cha ada: kampuni ikimchukua mfanyakazi moja kwa moja kabla ya muda fulani, inamlipa wakala. Ada hiyo ikiwa kubwa, bosi anayekupenda anaweza kushindwa kukuajiri kwa sababu tu mhasibu wake amekataa kulipa. Muulize wakala waziwazi kama ada hiyo ipo na inakoma lini.

Angalia pia kama umeandikwa kuwa mfanyakazi au mtoa huduma. Mfanyakazi hukatwa kodi ya mapato, NSSF, bima ya afya ya SHIF asilimia 2.75 na tozo ya nyumba asilimia 1.5, na mwajiri naye huchangia NSSF na tozo hiyo kwa upande wake. Mtoa huduma hukatwa asilimia 5 tu ya kodi ya zuio. Kwa shilingi 60,000 unapokea 57,000, unafurahi. Lakini asilimia hiyo 5 ni malipo ya awali tu, na ukijaza marejesho ya kodi huenda ukadaiwa zaidi. Tena huna siku ya ugonjwa yenye malipo, wala likizo, ambayo mfanyakazi huipata kwa kiwango kisichopungua siku 1.75 kwa kila mwezi aliotimiza.

Sasa piga hesabu ya kuhama. Nyongeza yako ni shilingi 15,000 kwa mwezi, yaani 90,000 kwa miezi 6, kabla ya makato. Hiyo ni mishahara miwili ya dukani. Mkataba ukiisha na ukakaa nyumbani zaidi ya miezi 2, ungekuwa na pesa nyingi zaidi kama ungebaki ulipokuwa. Kwa mtu asiye na kazi hesabu hii haina maana, naye aende tu. Kwa mwenye kazi, ndiyo bei halisi ya jaribio.

Ukiamua kwenda, jua unachokwenda kukitazama. Wiki ya kwanza haitakuonyesha kitu, maana kila mtu anakukaribisha. Kazi ya karani wa nyaraka huonekana siku ambayo kontena limezuiwa kwa sababu bidhaa imeingizwa kwa namba isiyo yake ya ushuru, siku za bure za kuhifadhi mzigo zimeisha, gharama zinapanda kila kukicha na mteja anapiga simu saa tatu usiku. Hapo ndipo utajua msimamizi wako anakaa nawe kurekebisha tamko, au anakusukumia lawama na kwenda nyumbani. Utajua pia kama mwenyewe unaweza kulala usingizi baada ya siku ya namna hiyo. Ukiona hilo likijirudia ndani ya miezi 3 ya mwanzo, jibu lako limeshapatikana, lolote liwalo.

Usisubiri mwezi wa sita ndipo uzungumze. Nafasi ya kudumu huhitaji kuingizwa kwenye bajeti na kuidhinishwa, na hilo halifanyiki kwa wiki mbili. Mwezi wa nne, mwendee msimamizi umuulize mambo mawili: nafasi hii imo kwenye bajeti ijayo, na mnapima kazi yangu kwa kipi? Akikujibu, mwandikie barua pepe fupi ya kumshukuru ukirudia alichokisema.

Kwa Tanzania barua hiyo ina uzito zaidi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inahesabu kuwa ni kuachishwa kazi pale mwajiri asipohuisha mkataba wa muda wakati mfanyakazi alikuwa na matarajio ya msingi kwamba utahuishwa, na maneno ya bosi kwa maandishi ni ushahidi wa matarajio hayo. Ila kinga dhidi ya kuachishwa isivyo haki humfikia aliyetimiza miezi 6 kwa mwajiri huyohuyo, iwe kwa mkataba mmoja au zaidi, na shauri lake lipelekwe Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30.

Ukiishia kuondoka, usiondoke mikono mitupu. Nchini Kenya, kila aliyefanya kazi kwa wiki 4 mfululizo au zaidi ana haki ya kupewa cheti cha utumishi, hata kama mkataba wake haukuongezwa. Kidai kabla ya kurudisha funguo.