Diskuru ya ndoa: maneno gani tufute mbele ya bakwe?

Kamarade mumoja wa Kolwezi, mutu wa poste ya usiku, ametuletea diskuru atakayosoma kwenye ndoa ya rafiki yake wa ekipe. Kurasa tatu, ukisoma kwa sauti, dakika tisa. Tuliketi naye na kalamu nyekundu.

Tulianza kwa kufuta jina. Mu ekipe bwana-harusi anaitwa "Tarehe 30", juu kila deni anasema atalipa siku ya mushahara. Kule shimoni batu banacheka. Lakini mu sale kuko baba-mukwe aliyepokea mali juzi tu. Akisikia hiyo, atajiuliza: zile dola na zile mbuzi zilitoka mu deni ya nani?

Kisha Likasi. Kamarade aliandika: "Kila mwisho wa juma alikuwa anaenda Likasi, zaidi sitasema." Aliona amefanya heshima. Hapana! Hapo ndipo bashangazi ba bibi-harusi batakapoanza kuuliza, na kila mumoja atamalizia hadithi kwa namna yake. Maneno ya nusu ni mabaya kupita hadithi yenyewe, kwa hiyo tulitoa sentensi nzima.

Ile iliyotupa kazi sana ni hadithi ya jiwe. Siku moja jiwe liliachia juu ya kichwa cha kamarade, rafiki akamuvuta kwa mukono. Ni kweli, na ni sifa kubwa. Tulimuuliza: bibi-harusi anaijua? Hakujua. Akamupigia bwana-harusi simu, naye akajibu hajawahi kumwambia, anaogopa kumunyima usingizi. Basi, mama-mukwe aisikie kwanza mu mikro, siku anapotoa mutoto wake kwa mutu wa shimo? Tuliiacha. Kama iko ya kusemwa, bwana mwenyewe ataisema nyumbani.

Lakini ukifuta tu, diskuru inabaki kavu. Tulitafuta hadithi nyingine ya moyo uleule: usiku wa mvua gari ya kazi ilikufa, na bwana-harusi akatembea na muzee mumoja wa ekipe, mwenye muguu mubaya, mpaka mulangoni kwake. Hata mutu asiyejua shimo anaielewa.

Mwisho alisomea jirani yake, mama asiyejua mutu hata mumoja wa ekipe. Mara mbili alimukatiza: "Pompi ya ine, ndiyo nini?" na "Huyo Papa Firimbi ni nani?" Zote zikatoka. Kicheko kimoja kilibaki: bwana-harusi anaimba vibaya mu kwaya. Bakwe banasali palepale, bamekwisha kumusikia wenyewe.

Sasa ni dakika tatu. Inaanza na salamu kwa baba-mukwe na mama-mukwe, kisha bajomba, halafu maharusi; ekipe inasalimiwa nyuma.