Kuomba Kazi Serikalini: Soma Tangazo Hadi Ukurasa wa Mwisho

Halmashauri za wilaya nchini Tanzania zinapotangaza nafasi ya Mtendaji wa Kijiji Daraja la III, macho ya wasomaji hukimbilia sifa na ngazi ya mshahara. Masharti ya jumla hukaa mwishoni mwa tangazo, na hapo ndipo mwombaji mwenye sifa zote anapoweza kuachwa.

Tuchukue kijana aliyehitimu Chuo cha Serikali za Mitaa Hombolo, Dodoma. Ana cheti cha kidato cha nne na Astashahada ya NTA Ngazi ya 5 katika utawala, kama tangazo linavyotaka. Amepewa wiki mbili. Kishawishi ni kuanza na barua, lakini barua huandikwa kwa saa moja. Kinachokula siku ni vyeti, kwa hiyo kazi ya kwanza ni kuvitandaza mezani tangazo likiwa pembeni, kisha kukagua kimoja baada ya kingine.

Vinavyotakiwa kwa kawaida ni cheti cha kuzaliwa, vyeti vya shule na vya taaluma, pamoja na wasifu wenye anwani, simu inayopatikana na wadhamini watatu. Nakala za vyeti zithibitishwe na wakili au mwanasheria, kwa mhuri na sahihi. Hati ya matokeo haikubaliwi mahali pa cheti, na matangazo huandika hilo kwa herufi kubwa. Ikiwa chuo bado hakijampa cheti chake, siku ya kukifuatilia ni ile aliyosoma tangazo.

Halafu majina. Cheti cha kuzaliwa kinasema Mariam Juma Hamisi, cha kidato cha nne Mariamu J. Hamisi, na cha chuo kimebeba jina la mume. Nyumbani kila mtu anajua ni yuleyule, ila msaili hana njia ya kujua. Majina yakitofautiana, mwombaji hutakiwa kuwa na hati ya kubadili jina, ambayo huandaliwa na wakili na kusajiliwa kwa Msajili wa Hati. Hati hiyo haipatikani jioni ya siku ya mwisho. Anayejua majina yake yana kasoro hana sababu ya kungoja tangazo litoke.

Baada ya hapo ndipo barua. Nafasi nyingi za wizara na taasisi hutaka barua ielekezwe kwa Katibu wa Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma. Hii ya mtendaji wa kijiji, kwa kuwa mwajiri ni halmashauri, kwa kawaida huelekezwa kwa Mkurugenzi Mtendaji wa halmashauri husika, ingawa maombi hupita kwenye mfumo uleule wa Sekretarieti, portal.ajira.go.tz. Mwenye kunakili barua ya mwaka jana na kubadili tarehe tu hujikuta amemwandikia asiyehusika. Anwani inakiliwe kutoka kwenye tangazo lenyewe, neno kwa neno.

Kichwa kitaje kada kama ilivyotangazwa: YAH: OMBI LA KAZI YA MTENDAJI WA KIJIJI DARAJA LA III. Aya ya kwanza inatosha kuwa hivi: “Tafadhali rejea tangazo lako la kazi lenye kumbukumbu namba iliyotajwa hapo juu. Naomba kuajiriwa katika nafasi hiyo.” Aya ya pili ijibu sifa kwa mpangilio wa tangazo: kidato cha nne, mwaka na shule, astashahada, fani na chuo. Sifa za moyoni, kama uchapakazi na uadilifu, zina nafasi yake kwenye usaili. Anayechambua maombi analinganisha barua na tangazo, na barua ya ukurasa mmoja humrahisishia. Mwisho, sahihi ya mkono. Barua ichapwe, isainiwe, iskaniwe ndipo ipandishwe. Wengi hupandisha faili waliloandika kwenye kompyuta likiwa na jina tu chini yake.

Aliye tayari mtumishi wa umma ana hatua ya ziada: barua yake ipitishwe kwa mwajiri wake. Barua inaweza kukaa mezani kwa bosi aliyesafiri, kwa hiyo yeye aandike mapema kuliko wenzake wa mtaani.

Kujisajili kwenye mfumo kunahitaji namba ya NIDA, na mfumo huelemewa saa za mwisho, watu wote wanapoingia kwa pamoja. Maombi yanayoletwa nje ya utaratibu hayafikiriwi, hata yakipelekwa kwa mkono masijala. Mwombaji akishatuma, afungue sehemu ya “My Application” kwenye akaunti yake na kuhakikisha kada aliyoomba inaonekana. Humohumo ndimo wanaoitwa kwenye usaili huchukua namba zao za mtihani, na siku ya usaili watatakiwa kuja na vyeti halisi, si nakala.