Padri Kayoya na urithi ulioonewa haya
(Sehemu ya pili)

Wiki iliyopita tuliusoma wimbo wa taifa, "Burundi Bwacu", kama shairi, maana kabla ya kupigiwa saluti uliandikwa na watu waliochagua maneno. Waliouandika walikuwa kundi lililoongozwa na Padri Jean-Baptiste Ntahokaja, na muziki ukatungwa na Marc Barengayabo. Ukaimbwa tarehe 1 Julai 1962. Tuliona kwamba ndani yake nchi inasemeshwa kama mtu: imejeruhiwa na haikufa, imekandamizwa na haikusalimu amri, kisha ikainuka kiume kujikomboa. Tuliona pia taswira iliyo muhimu kuliko zote kwa makala ya leo, ile ya nchi kuwa urithi ulioachwa na mababu. Ahadi ya 1962 ilikuwa kwamba urithi umerudi mikononi mwa mrithi.

Sasa tuje kwa mrithi mwenyewe. Mwaka 1968 matbaa ya Lavigerie mjini Bujumbura ilitoa kitabu cha padri kijana, Michel Kayoya, kiitwacho "Sur les traces de mon père", yaani katika nyayo za baba yangu. Kimeandikwa kwa Kifaransa, nusu nathari na nusu mashairi, mistari mifupi inayokatika kama pumzi ya mtu apandaye kilima. Uhuru ulikuwa na umri wa miaka sita. Kufikia wakati huo mawaziri wakuu wawili walikuwa wameuawa, Mwana wa Mfalme Louis Rwagasore tarehe 13 Oktoba 1961, miezi michache kabla ya bendera kupandishwa, na Pierre Ngendandumwe tarehe 15 Januari 1965. Ufalme nao ulikuwa umeondolewa na Kapteni Micombero mnamo Novemba 1966. Msomaji afunguaye kitabu cha wakati huo angetarajia kulikuta shairi likiwalaumu wakubwa. Hakutani nalo.

Shairi ninalotaka tulisome kwa utulivu ni lile kuhusu Mkutano wa Berlin. Msemaji anasimulia kwamba mwaka 1885 bara letu liligawanywa bila yeyote wa kwetu kuombwa ruhusa, na kwamba waliogawana walidai kutuonea huruma: walikuja kututoa katika unyonge wetu wa tangu na tangu, walikuja kutuelimisha, walikuja kutustaarabisha. Hasira ipo, lakini haifiki kilele hapo. Kilele kinakuja pale msemaji anapoeleza jinsi alivyoijua tarehe hiyo: alifundishwa darasani. Somo zima lilikuwa majina, ya waliotia sahihi na ya mabwana mashuhuri wa wakati ule, na mtoto akayahifadhi. Kisha akaona haya mbele ya mwalimu wake, haya ya kuwa mmoja wa watu waliohitaji kuokolewa. Haya hiyo ikapanda juu kwa baba yake, na kwa babu zake.

Hapo ndipo shairi linapogusana na wimbo wa taifa, na sidhani kwamba ni kwa bahati. Wimbo ulisema urithi wa mababu umerejea. Kayoya anaonyesha mrithi aliyefundishwa kumwonea haya aliyemrithisha. Mali iko mezani, lakini mkono unaopaswa kuipokea unasita. Huko ndiko kukata tamaa kwake kulipo: mnyang'anyi ameondoka, na somo lake limebaki ndani ya mwanafunzi.

Ladha ya sauti inabadilika kwa namna inayoweza kuonyeshwa kwa kidole. Tazama kwanza nani anasema. Wimbo wa 1962 una umati ndani yake, kuna makofi na vigelegele, na nchi inasimama mbele ya mataifa. Katika shairi la Berlin "sisi" bado ipo, lakini ni "sisi" ya watoto wanaoketi wakimsikiliza mwalimu, na punde inabaki "mimi" peke yake. Tazama pia miili. Wimbo umejaa vitendo vya kusimama na kuinuka. Shairi lina mtu aliyeketi, anayeandika, anayekariri. Tena tazama vile vitenzi vya wageni vinavyorudiwa, walikuja, walikuja, walikuja. Kwa mara ya kwanza vinasikika kama sifa ya kitabu cha shule. Kufikia mara ya tatu msomaji anausikia uongo uliomo, ingawa mshairi hajatamka kwamba ni uongo. Anamwachia msomaji auone mwenyewe, na kwa sababu hiyo shairi linauma kuliko hotuba.

Kuna jambo la historia linaloukaza uchungu huo. Mwaka 1885 Burundi haikuwa ya mtu wa nje. Mwami Mwezi Gisabo aliwakatalia Wajerumani kwa miaka mingi, na ilikuwa mwaka 1903 tu, huko Kiganda, alipolazimika kukubali masharti yao. Kayoya alizaliwa mwaka 1934, kwa hiyo kizazi cha babu zake ndicho kilichokuwepo wakati wa upinzani ule. Berlin ni tarehe ya watu ambao hawakuiona Burundi. Mtoto wa Burundi aliyejifunza kuihesabu historia yake kuanzia Berlin alikuwa ameanza kujitazama kwa macho ya wasiokuwepo.

Mwenzake wa kulinganishwa naye ni Okot p'Bitek wa Uganda, ambaye "Song of Lawino" yake ilitolewa Nairobi mwaka 1966. Okot naye anamlilia Mwafrika aliyesoma akadharau kwao. Lakini Okot anampa mke nafasi ya kumcheka mume, na kicheko hicho kinamweka msomaji upande wa mke. Kayoya hana wa kumcheka, kwa kuwa msomi aliyepotea ni yeye mwenyewe. Ndiyo maana kitabu chake hakiishii kwenye lawama. Anageuka na kutafuta alichokiacha baba: utu, heshima, ubushingantahe, yaani uadilifu wa wale wazee waliosuluhisha watu kwa haki. Anaviendea kama mtu arudiye njia aliyopita kutafuta kilichomwanguka.

Hapa inafaa kuonya. Wengi wetu tunakisoma kitabu hiki tukijua yaliyofuata. Miaka minne baadaye Kayoya alikuwa mtunza hazina wa Jimbo la Muyinga. Mwishoni mwa Aprili 1972 uasi ulizuka kusini mwa nchi, watu wakauawa, na baadaye serikali ikawageukia Wahutu, hasa waliosoma: walimu, wanafunzi, makarani, mapadri. Waliokufa wanakisiwa kuwa laki moja au zaidi sana. Kayoya aliuawa Gitega tarehe 17 Mei 1972, akiwa na miaka 37, akazikwa katika kaburi la pamoja kando ya mto Ruvubu. Mwaka 2019 Kanisa lilifungua rasmi, Gitega, kesi ya kumtangaza mwenye heri pamoja na mashahidi wengine wa udugu. Mwaka uliofuata Tume ya Ukweli na Maridhiano ilifukua maelfu ya mabaki ya watu kandokando ya Ruvubu, katika mkoa wa Karusi.

Kwa kuyajua hayo, ni rahisi kuona utabiri wa damu katika kila mstari. Mimi nakataa kusoma hivyo. Shairi la Berlin halisemi neno juu ya Warundi kuuana. Aliyeliandika alikuwa na umri wa miaka thelathini na kidogo, na aliamini bado kwamba ugonjwa ni wa haya na kwamba dawa yake ni kumrudia baba. Tukimpachika ujuzi wa 1972 tunamnyang'anya tumaini alilokuwa nalo, na bila tumaini hilo shairi linakuwa maombolezo matupu, jambo ambalo silo. Uhalisia wa baadaye ulikwenda mbali kuliko shairi. Yeye alihofia mtoto kumdharau baba. Ikaja siku ambayo watoto wa nchi moja walichaguliwa wauawe kwa sababu ya kabila la baba zao.

Tafsiri ya Kiingereza ya kitabu ilitoka Nairobi mwaka 1973, kwa mchapishaji yuleyule wa Okot, mwandishi akiwa ameshafariki. Kwa Kiswahili sijakutana na tafsiri yoyote, na ninaona ni pengo kubwa kwa wasomaji wa Buyenzi, Kigoma na Uvira, ambao wangeielewa haya ile bila kuelezwa.

Wiki ijayo tutasoma kitabu chake cha pili, "Entre deux mondes", ambamo swali la kizazi na kizazi linarudi, safari hii kwa mshairi aliye karibu na vijana kuliko wazee.