Bakteria Wenye Njaa na Ini la Panya

Sumukuvu, ile sumu inayotengenezwa na ukungu kwenye mahindi na karanga zilizohifadhiwa zikiwa na unyevu, ina tabia ya kushangaza ikifika maabara. Ukiichukua ikiwa safi na kuiweka pamoja na bakteria kwenye sahani ya kuoteshea, hakuna cha maana kinachotokea. Ukiongeza tone la ini la panya lililosagwa, bakteria walewale wanaanza kubadilika vinasaba, na mabadiliko hayo utayahesabu kwa macho keshokutwa yake. Sumu ni ileile na kipimo ni kilekile. Kilichoongezeka ni ini tu, kiungo ambacho tumezoea kuambiwa kwamba kazi yake ni kusafisha sumu mwilini.

Jambo hilo ndilo kiini cha jaribio la Ames, lililopewa jina la Bruce Ames, mwanabaiolojia wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, aliyelitangaza katika umbo hilo la bakteria na ini mwaka 1973. Mpaka leo dawa mpya, kiuatilifu au rangi ya chakula haiendi mbali kabla ya kupitishwa hapo. Swali lenyewe ni jembamba: je, kemikali hii inaweza kubadilisha maandishi ya vinasaba?

Ames hakuanza na saratani. Kwa miaka mingi alikuwa akichunguza jinsi bakteria wa salmonela wanavyojitengenezea histidini, mojawapo ya asidi amino zinazounda protini. Salmonela wa kawaida hujitengenezea histidini yake mwenyewe akipata sukari na chumvi kidogo. Ames alikuwa na mkusanyiko mkubwa wa salmonela walioharibika katika kazi hiyo. Wanaishi vizuri ukiwalisha histidini; ukiwanyima, hawakui.

Chukua aina moja tu, ile iitwayo TA100. Kasoro yake ni ndogo mno. Katika jeni moja ya kutengeneza histidini, mahali ambapo salmonela mzima ana herufi za kinasaba CTC, yeye ana CCC. Herufi moja imekosewa, na kiwanda kizima cha histidini kimesimama. Lakini kosa la herufi moja linaweza kurekebishwa na badiliko jingine la herufi moja papo hapo. Kemikali inayochokoa vinasaba itagusa mahali pengi bila mpango, na kwa bakteria mmoja kati ya mamilioni itagusa hapo. Bakteria huyo atarudiwa na uwezo wake, ataanza kuzaana kwenye sahani isiyo na histidini, na baada ya siku mbili uzao wake utaonekana kama kitone cheupe, yaani koloni.

Uzuri wa mpango huu ni kwamba hutafuti badiliko moja kati ya bakteria milioni mia moja kwa darubini. Unawaacha wote na njaa, na aliyebadilika anajitokeza mwenyewe.

Salmonela wa kawaida hata hivyo ni mgumu. Ukuta wake huzuia kemikali kubwa kupenya, na akiumizwa vinasaba hujitibu haraka. Kwa hiyo aina za Ames zimedhoofishwa makusudi. Ukuta wao umefanywa uvuje, wamenyang'anywa njia mojawapo ya kutibu vinasaba kwa usahihi, na baadhi yao, TA100 akiwemo, wamepewa kipande cha ziada cha vinasaba kinachowafanya watibu majeraha kwa pupa na kukosea zaidi. Ni bakteria walioumbwa waumie upesi.

Sasa ini. Jaribio la bakteria peke yao lilikuwa linapitwa na sumu nyingi zinazojulikana kusababisha saratani, sumukuvu ikiwa mojawapo. James na Elizabeth Miller wa Chuo Kikuu cha Wisconsin walikuwa wameshaonyesha sababu yake: kemikali nyingi za namna hiyo haziwezi kugusa vinasaba mpaka mwili uzigeuze. Ini hujaribu kuondoa vitu vyenye asili ya mafuta kwa kuvifanya viyeyuke kwenye maji ili vitoke na mkojo. Hatua ya kwanza ni kubandika oksijeni, kazi ya vimeng'enya vya kundi la sitokromu P450. Kwa vitu vingi hatua hiyo ni ya heri. Kwa sumukuvu aina ya B1, oksijeni ikikaa mahali fulani inazaliwa epoksidi, molekuli yenye uchu, ambayo haidumu bali hung'ang'ania chochote kilicho karibu. Ikikutana na vinasaba hushika herufi G. Sasa kumbuka CCC ya TA100: upande wa pili wa uzi wa vinasaba, kila C imeoana na G. Mahali pa kasoro pana G tatu mfululizo zinazosubiri kushikwa.

Bakteria hana vimeng'enya vya kufanya kazi hiyo, kwa hiyo anaazimwa. Panya wa maabara hudungwa kwanza dawa inayolichochea ini litoe vimeng'enya kwa wingi. Zamani ilikuwa mafuta ya viwandani ya kundi la PCB. Siku hizi mara nyingi ni fenobabitali pamoja na kemikali nyingine. Ini hutolewa, husagwa likiwa kwenye barafu pamoja na maji ya chumvi, kisha huzungushwa kwenye mashine kwa nguvu ya mara 9,000 ya mvutano wa dunia kwa dakika kumi. Masalia mazito hushuka chini. Majimaji yanayobaki juu huitwa S9, na 9 hiyo ni ya ile 9,000. Hugawanywa kwenye vichupa vidogo na kuhifadhiwa kwenye friza la nyuzi 80 chini ya sifuri, maana yakiachwa mezani yanakufa. Siku ya jaribio huongezewa viambato vinavyovipa vimeng'enya nishati ya kufanya kazi.

Kazi yenyewe ni ya haraka. Kwenye kijaribio kimoja huingia mililita 0.1 ya bakteria waliooteshwa usiku kucha, kiasi kidogo cha kemikali inayopimwa, mililita 0.5 ya mchanganyiko wa S9, na mililita 2 za agari laini iliyoyeyushwa na kuwekwa kwenye nyuzi 45, vuguvugu kiasi cha kutoganda na kutoua. Hutikiswa kidogo, humwagwa juu ya sahani yenye sukari na chumvi, hugeuzwa juu chini, na kuwekwa kwenye inkubeta ya nyuzi 37 kwa saa 48. Sahani nyingine hufanywa vivyo hivyo bila S9, na nyingine bila kemikali kabisa.

Kuna kitu kimoja humo ambacho mgeni hukishangaa: ile agari laini ina chembe ya histidini. Je, si ndiyo tuliyotaka kuwanyima? Lakini kemikali ikishaumiza vinasaba, bakteria lazima agawanyike kidogo ili jeraha ligeuke kuwa kosa la kudumu. Chembe hiyo inamtosha kugawanyika mara chache, kisha inakwisha. Kwa sababu hiyo sahani nzuri huwa na utando mwembamba wa bakteria waliosimama kukua, na juu yake ndipo koloni za waliorejea hukaa.

Tuseme fundi amepima sumukuvu kwa TA100. Namba zifuatazo ni za kubuni, ila hazingemshangaza anayeijua kazi hii. Sahani zisizo na kemikali zina koloni 120, kwa kuwa daima wapo wanaojirekebisha wenyewe. Kwa TA100 kati ya 75 na 200 ni kawaida. Sahani za sumukuvu bila S9 zina 115, 128, 122, yaani hakuna kitu. Zenye S9, dozi ikipanda hatua kwa hatua, zina 210, kisha 390, kisha 760. Idadi imezidi mara mbili ya kawaida, na inapanda kadiri dozi inavyopanda. Mambo hayo mawili yakikaa pamoja, jibu ni ndiyo.

Dozi ya mwisho inatoa 410. Imepungua nguvu? Fundi mzoefu hajibu kabla ya kuinua sahani na kuutazama utando kwa darubini. Ukiwa umekonda au umetoboka, dozi imewaua bakteria wengi, na waliokufa hawahesabiki. Hapo pana mtego mwingine. Bakteria wachache waliobaki wanagawana chembe yote ya histidini iliyokusudiwa umati, kwa hiyo wanakua kidogo na kutoa vitone vidogo kama ncha ya sindano. Asiyejua atavihesabu na kutangaza kwamba kemikali inabadilisha vinasaba. Namna ya kuhakikisha ni kuchota vitone hivyo na kuvipaka kwenye sahani isiyo na histidini kabisa. Aliyerejea kweli ataota.

Kwa sumukuvu, sahani ilisema kweli. Mwaka 1991 vikundi viwili vya watafiti vilichunguza uvimbe wa saratani ya ini wa wagonjwa kutoka Qidong nchini China na kusini mwa Afrika, sehemu ambazo watu hula nafaka zenye sumukuvu. Katika jeni ya kuzuia saratani iitwayo p53 walikuta mara nyingi kosa lilelile, mahali palepale: G imekuwa T.

Lakini usiisikilize sahani kupita kiasi. Mwaka 1975 kundi la Ames lilipima kemikali zipatazo 300 na kukuta kwamba karibu asilimia 90 ya zile zilizojulikana kusababisha saratani ziliwabadilisha bakteria. Uchunguzi wa baadaye ulishusha matumaini hayo sana, maana zipo njia za kuleta saratani zisizopita kwenye herufi za vinasaba: asbesto na homoni nyingi hazionekani kabisa kwenye sahani. Kinyume chake, sodiamu azidi huwabadilisha TA100 kwa nguvu kiasi kwamba hutumika kuhakikisha jaribio linafanya kazi, ilhali panya waliopewa hawakupata saratani kwayo. Metronidazoli, ile dawa ya amiba tunayoiita flajili, nayo hubadilisha bakteria hata bila ini, kwa sababu bakteria wana vimeng'enya vyao vya kuiamsha. Hivyo ndivyo inavyoviua vijidudu vya tumboni. Seli za binadamu, zenye oksijeni tele, haziiamshi kwa kiasi hicho, na madaktari wanaendelea kuiandika.

Hata ini lenyewe si ini kamili. Ini lililo hai likishazaa ile epoksidi ya sumukuvu lina njia za kuifunga na kuitoa, na panya wadogo wa nyumbani wana njia hiyo kwa nguvu kiasi kwamba sumukuvu haiwadhuru sana kama inavyowadhuru panya wakubwa. Ini lililosagwa kwenye kijaribio limepewa viambato vya kuamsha, si vya kutosha kufunga.

Ndiyo maana pia huwezi kuchukua unga wa ghalani, ukauloweka na kuumimina kwenye sahani ya Ames ili ujue kama unafaa kwa ugali. Unga una histidini yake. Bakteria wote wangeshiba, na sahani ingejaa koloni hata kama mahindi ni safi. Mahindi hupimwa kwa vijikanda vinavyobadilika rangi, au kwa mashine inayotenganisha sumu na kupima wingi wake kwa mikrogramu katika kilo.