Sabini na Nane Mara Kumi na Moja

Slaidi ya kwanza inaonyesha 23 × 11. Maelezo yake ni mafupi: tenganisha 2 na 3, zijumlishe upate 5, kisha ichomeke hiyo 5 katikati. Jibu ni 253, na ni sahihi. Mtoto wa darasa la nne akijaribu kwa 45 atapata 495, akijaribu kwa 62 atapata 682, na ana kila sababu ya kufurahi. Halafu anakutana na 78. Anajumlisha 7 na 8, anapata 15, anaichomeka katikati kama alivyoelekezwa, anaandika 7158.

Mtoto huyo amefuata maelezo neno kwa neno. Kasoro iko kwa aliyetengeneza slaidi na kuchagua mfano usio na tatizo lolote ndani yake.

Slaidi za hesabu za kichwa kwa shule ya msingi hupangwa kwa mfululizo, mtoto azipitie moja baada ya nyingine kwenye simu ya mzazi, au mwalimu azichapishe na kuzibandika ukutani. Kanuni yake ni nzuri: slaidi moja, mbinu moja, mfano mmoja. Lakini kwa kuwa mfano ni mmoja tu, mtoto hana mwingine wa kulinganisha nao. Chochote ambacho mfano haukionyeshi, kwake hakipo. Ndiyo maana kuchagua namba ya mfano ni kazi kubwa kuliko kuchagua rangi na michoro.

Kwa mbinu ya 11, mfano unaofaa ni huo huo wa 78. Jumla ya 7 na 8 ni 15, na hiyo 15 imekaa kwenye nafasi ya makumi. Makumi 15 ni mia moja na makumi 5. Basi 5 inabaki katikati, na 1 inakwenda kuongezwa kwenye 7 ya mamia, ambayo inakuwa 8. Jibu: 858. Chini yake iwepo njia ndefu inayothibitisha:

78 × 10 = 780
780 + 78 = 858

Hapo mtoto anaona kwamba hakuna muujiza. Kuzidisha kwa 11 ni kuzidisha kwa kumi na kuongeza namba yenyewe mara moja zaidi, na ile "katikati" ni mahali ambapo namba hizo mbili zinakutana. Jakow Trachtenberg, mhandisi mzaliwa wa Odessa aliyebuni mfumo wake wa hesabu za kichwa akiwa mfungwa katika kambi za Wanazi, ana kanuni ya 11 inayoanzia kulia, upande wa mamoja, na kubeba kinachozidi kuelekea kushoto. Akianzia huko, mtoto ana nafasi ya kubeba ile 1 kabla hajaandika mamia.

Hata hivyo, 11 haistahili kuwa slaidi ya kwanza. Inapendwa kwa sababu inashangaza, lakini inamtaka mtoto awe tayari anaelewa mamoja, makumi na mamia. Inayostahili kutangulia ni mbinu ya kukaribia kumi, kwa kuwa mtoto ataitumia kila siku. Kwa 47 + 38, anaichukua 38 kama 40, anapata 87, kisha anarudisha 2 alizozidisha. Jibu ni 85.

Slaidi nyingi huiandika kazi hiyo kwa mstari mmoja: 47 + 40 = 87 − 2 = 85. Mstari huo ni uongo. Unasema 47 + 40 ni sawa na 85, na mtoto anajifunza kwamba alama ya sawasawa maana yake ni "sasa endelea". Akifika kwenye milinganyo, mazoea hayo yatamsumbua. Tiba yake ni nafasi kidogo tu kwenye slaidi, kila hatua ipate mstari wake:

47 + 40 = 87
87 − 2 = 85

Kutoa kunahitaji slaidi yake peke yake, kwa sababu hapo ndipo watoto wengi hupotelea. Chukua 83 − 38. Mtoto anatoa 40, anapata 43. Sasa afanye nini na ile 2? Kwenye kujumlisha aliipunguza, kwa hiyo hapa pia anaipunguza, anapata 41. Jibu sahihi ni 45. Maelezo yanayomwingia ni ya pesa: ulikuwa na 83, ulidaiwa 38, umelipa 40. Umelipa zaidi, kwa hiyo 2 zinarudi mfukoni mwako. Sentensi hiyo ikikaa chini ya mfano inatosha; kanuni ya "ukitoa unaongeza, ukijumlisha unapunguza" ni rahisi kukariri na rahisi zaidi kuigeuza kichwani.

Wauza duka nao wana njia yao, nayo inastahili slaidi. Bidhaa ni shilingi 3,650, mteja ametoa noti ya 10,000. Muuzaji mzoefu hatoi, anapanda: hamsini, inafika 3,700, mia tatu, inafika 4,000, elfu sita, inafika 10,000. Anavyohesabu ndivyo anavyoweka chenji mkononi mwa mteja, na jumla yake ni 6,350. Hakuna kukopa popote, ndiyo maana anakosea mara chache.

Kwenye kuzidisha kwa 9 kuna mtego uliojificha zaidi. Mbinu ni kuzidisha kwa kumi kisha kutoa namba yenyewe. Kosa la kawaida ni kutoa 9 badala ya namba hiyo. Tuseme slaidi imetumia 36: 360 toa 36 ni 324. Anayekosea anafanya 360 toa 9, anapata 351. Darasani watoto hufundishwa kuhakiki kwa kujumlisha tarakimu, maana namba inayogawanyika kwa 9 tarakimu zake hujumlika kuwa 9 au kizidisho chake. Sasa tazama: 3 + 2 + 4 ni 9, na 3 + 5 + 1 nayo ni 9. Jibu baya limepita kwenye uhakiki, kwa kuwa 360 tayari inagawanyika kwa 9. Mfano ukiwa 47, jibu sahihi ni 470 toa 47, yaani 423, jumla ya tarakimu 9. Anayekosea anapata 461, jumla 11, na kosa linaonekana mara moja.

Kuzidisha kwa 5 hakuhitaji maneno mengi: zidisha kwa kumi, gawanya nusu. Mfano tu uwe namba witiri. Kwa 37, mtoto anapata 370, nusu yake 185. Slaidi inayoanza na nusu hupendeza kwa 46, halafu inamwachia mtoto nusu ya 37 ambayo bado hajui kuishughulikia.

Mzazi anayetaka kujua kama slaidi zimeeleweka anaweza kumpa mtoto 63 − 29 bila kalamu, kisha asikilize jibu. Akisema 34, ameelewa. Akisema 32, ametoa 30 vizuri lakini ile 1 ameipeleka upande usiofaa, kwa hiyo arudi kwenye slaidi ya kutoa na mfano wa deni. Akisema 46, tatizo ni jingine: kwenye mamoja ametoa 3 kutoka 9 kwa kuwa 9 ni kubwa, kisha 2 kutoka 6. Huyo aweke slaidi zote pembeni kwanza, apewe vijiti vilivyofungwa kumi kumi, na afungue fungu moja kwa mikono yake.